Igizo la ugomvi wa nyumbani halisimami: dalili, visababishi na marekebisho

Mwongozo huu ni wa anayeandika igizo la kitendo kimoja litakalochezwa na kikundi cha mtaani. Nazungumzia onyesho la nusu saa hivi, saa kumi jioni, kwenye uwanja wa shule au chini ya mwembe. Hadhira imekaa pande tatu, wadogo wamekaa chini mbele, na hakuna pazia wala taa wala kipaza sauti. Nimeupanga kwa dalili, kwa sababu dalili ndiyo inayoonekana kwanza: waigizaji wamezubaa, kinamama wameanza kuulizana "huyu nani tena?", au mtu kacheka pale alipotakiwa kunyamaza. Chini ya kila dalili, visababishi vinaanzia kile kinachotokea mara nyingi zaidi. Anza na ukaguzi mwepesi, na usiguse msuko wa igizo kabla hujahakikisha kwamba tatizo haliko juu juu.

Ili tuwe na kitu cha kushika, nitatumia igizo moja la mfano, tuliite *Ufunguo*. Tuko uani kwa familia moja ya Tanga. Mwanahawa ameposwa na mahari yake, shilingi laki sita, imeshatolewa. Leo saa kumi mshenga anakuja kupanga siku ya ndoa. Baba ameitoa mahari ile kwa Juma, mtoto wa kiume mkubwa, iwe kianzio cha pikipiki ya mkataba. Mama hajui. Mwanahawa alikuwa ameipangia fedha hiyo cherehani. Wahusika ni wanne tu, na sauti ya mshenga itasikika mwishoni kutoka nje.

Dalili ya kwanza: kelele tupu, na dakika ya tano watu wamechoka

Kisababishi kikubwa ni ugomvi kuanzia kileleni. Ukurasa wa kwanza baba anafoka, binti analia, kaka anatukana. Baada ya hapo mwigizaji hana pa kupanda, kwa hiyo anabaki palepale akipaza sauti mpaka inamkauka. Ukaguzi wake ni rahisi: chukua kalamu, tia alama penye tusi la kwanza, halafu tia nyingine penye alama ya mshangao ya kwanza. Zikiwa ndani ya robo ya kwanza ya muswada, umepata ugonjwa wako.

Marekebisho yako kwenye adabu yetu wenyewe. Katika nyumba nyingi ugomvi hauanzi kwa kelele. Unaanza kwa mtu kujibu swali ambalo hakuulizwa, kwa chai kuletwa ikawekwa kwa kishindo, kwa shikamoo iliyochelewa. Mwandishi anayeitumia adabu hiyo anakuwa na ngazi ndefu ya kupanda. Tazama *Ufunguo* linavyoweza kufunguliwa:

> MAMA: Baba Juma, wageni ni saa kumi. Zile hela nizitoe nizifunge kwenye kitambaa?
>
> BABA: Ziache zilipo.
>
> MAMA: Zilipo wapi? Sandukuni sijaziona.
>
> BABA: *(Anavua kofia, anaipangusa, anaivaa tena.)* Sukari ipo?

Hakuna aliyepaza sauti, lakini kila aliyekaa kwenye mkeka uwanjani ameshajua kwamba fedha haipo na kwamba mzee anaficha. Kuanzia hapo watu wanasubiri, na kusubiri huko ndiko kunakowakalisha.

Kisababishi cha pili ni wahusika kutaka mambo yasiyoshikika. Mwandishi ukimuuliza Mwanahawa anataka nini, anajibu "haki" au "heshima". Mwigizaji hawezi kuicheza haki. Kwa kila mhusika, jaza sentensi hii: "Kabla mshenga hajabisha hodi, nataka…" na malizia kwa kitu cha kuonekana kwa macho. Mwanahawa anataka laki sita ziwe juu ya sinia. Baba anataka kila mtu afunge mdomo mpaka wageni waondoke. Juma anataka pikipiki itoke uani isionekane. Mama anataka kuambiwa ukweli, na anataka kuambiwa na mumewe, si na watoto. Utaona mara moja kwamba haja hizo nne haziwezi kutimia pamoja. Hapo ndipo ugomvi unapozaliwa, wala hutalazimika kuubuni.

Kisababishi kinachofuata, kisicho cha kawaida sana, ni igizo kukosa saa. Kama familia hii inaweza kuendelea kugombana hadi kesho, basi hakuna kinachowabana leo. Kitendo kimoja kinahitaji kitu kinachokuja: mgeni, basi la jioni, adhana, mvua juu ya mpunga ulioanikwa. Kitaje mapema, kisha kikumbushe angalau mara mbili njiani.

Ukishafanya hayo yote na bado igizo halipandi, ndipo urudi kwenye msuko. Andika kwenye karatasi pembeni kila mahali ambapo mtu anajifunza jambo ambalo hakulijua. Mama anajua fedha haipo. Mwanahawa anaona pikipiki mpya. Mama anajua nani aliyeitoa. Juma anajua kwamba mahari ile ilikuwa na kazi nyingine. Mambo manne au matano ya namna hiyo yanatosha nusu saa. Kama unayo mawili tu, umeandika mchezo wa dakika kumi ukauvuta. Afadhali uuache uwe wa dakika kumi.

Dalili ya pili: waigizaji wanasimama kama nguzo, na kila zoezi wanacheza tofauti

Hapa ndipo miswada mingi inapofia, na karibu siku zote lawama humwangukia mwigizaji bure. Tatizo liko kwenye maelekezo ya jukwaani.

Kisababishi cha kwanza, kinachozidi vingine vyote kwa mbali, ni maelekezo kueleza yaliyo moyoni badala ya yanayotendeka. Mfano ninaokutana nao sana uko hivi:

> MWANAHAWA: *(Akimwangalia kaka yake kwa uchungu mwingi huku akikumbuka walivyolelewa pamoja.)* Hela yangu iko wapi?

Mwigizaji atafanya nini na hayo? Atakunja uso. Aliyekaa mita kumi na tano nyuma hatauona uso huo, na kumbukumbu za utotoni haziwezi kuonekana kabisa. Ukaguzi ni kusoma kila maelekezo na kujiuliza swali moja: mtu asiyesikia, akiwa amekaa mstari wa nyuma, angeliona hili? Kama hapana, lifute au ligeuze kuwa tendo. Jambo lilelile linaweza kuandikwa hivi:

> *(MWANAHAWA anatoka jikoni na sinia la vikombe. Anampita JUMA bila kumwamkia. Anaweka sinia kwenye mkeka, mbele ya BABA.)*
>
> JUMA: Siku hizi hatuamkiani?
>
> *(MWANAHAWA anageuza vikombe kimoja kimoja, midomo juu. Akimaliza cha mwisho, anainua kichwa.)*
>
> MWANAHAWA: Shikamoo, kaka.
>
> JUMA: Marahaba.
>
> MWANAHAWA: Hiyo pikipiki nje ya nani?

Uchungu upo wote, na kila mtu uwanjani ameuona, kwa sababu kila mtu anajua maana ya mdogo kumpita mkubwa bila shikamoo. Mwigizaji naye ana kazi ya mikono. Angalia pia palipoandikwa "akimaliza cha mwisho". Hapo nimetaka kimya, lakini sikuandika "kimya kirefu", kwa sababu kila mwigizaji ana urefu wake wa kimya. Mwenye woga atahesabu mbili na kuanza kusema. Ukikipa kimya kazi, yaani kukunja kanga, kuchambua mchele, kufunga kamba ya kiatu, urefu wake unakuwa uleule katika kila onyesho.

Kisababishi cha pili ni kulia na kushoto. Kwa desturi ya jukwaa, kulia ni kulia kwa mwigizaji anayeitazama hadhira. Kwenye ukumbi hiyo inatosha. Kwenye uwanja wenye watu pande tatu haisaidii, maana mwigizaji anageuka kila dakika na wengi wa wanakikundi hawajawahi kufundishwa desturi hiyo. Badala yake, zipe pande majina ya vitu: upande wa jiko, upande wa chumba cha baba, upande wa barabara. Kisha chora ramani kwenye ukurasa wa kwanza wa muswada, hata kwa mkono. Kwa *Ufunguo* ramani ni hii: mkeka katikati, kigoda cha Mama upande wa jiko, kiti cha Baba mbele ya chumba chake, na upande wa barabara ubaki wazi kwa sababu huko ndiko iliko pikipiki na ndiko atakakotokea mshenga. Siku ya mazoezi mchore uwanja huohuo chini kwa chaki au majivu. Hatua nane kwa sita zinatosha wahusika wanne. Kuanzia hapo maelekezo yako yanakuwa mafupi, "anakwenda upande wa barabara", na hakuna anayegongana na mwenzake.

Pikipiki yenyewe usiilete jukwaani. Iache nje ya uwanja, na ulete ufunguo. Ufunguo mmoja wenye utepe mwekundu unabebeka, unafichika, unaonekana ukining'inizwa, na mtu anaweza kuukataa kwa kuvuta mkono. Ukiwa na kifaa kama hicho, fuata safari yake tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho: uko kwa nani, umetoka lini, umewekwa wapi. Vifaa vinavyotokea hewani ndicho kisababishi cha tatu. Mama analia na kujifuta kwa leso ambayo haikutajwa, Juma anatoa karatasi ya mkataba ambayo hakuja nayo, na siku ya onyesho mwigizaji anapapasa mfuko mtupu. Dawa ni orodha mwanzoni mwa muswada: kifaa, anayeingia nacho, na kinapobaki mwisho.

Kisha kuna maelekezo yanayohitaji vitu ambavyo huna. "Taa zinafifia" saa kumi jioni ni maneno ya bure. "Pazia linafungwa" pia. Kwenye uwanja wazi mwisho wa igizo unaandikwa kwa kitu kinachoweza kufanyika: "Wote wanaganda. Ngoma inapigwa mara moja. Wanasimama na kuinama." Vivyo hivyo epuka "ananong'ona", maana hakuna atakayesikia. Kama siri lazima isemwe, mpeleke mhusika karibu kabisa na hadhira aiseme kwa sauti ya kawaida, huku wengine wakiendelea na shughuli zao upande wa jiko. Watu wetu wanaipokea mbinu hiyo bila shida yoyote. Na kanga: ikiwa maandishi yake yana ujumbe kwenye ugomvi, hakikisha kuna mhusika anayeyasoma kwa sauti. Kwa mbali hayasomeki.

Kisababishi cha mwisho ni maelekezo kuzidi. Wapo wanaomwongoza mwigizaji hadi kope. Kila mstari una mabano, na mwelekezi anayapuuza yote, pamoja na yale matatu ambayo igizo haliwezi kwenda bila hayo. Kanuni ninayoitumia ni kwamba maelekezo yanabaki kama yanabadilisha nani yuko wapi, nani ana kifaa gani, au lini mtu anasema. Mengine ni kazi ya mwelekezi na mwigizaji. Yaandike kwa wakati uliopo, jina la mhusika kwa herufi kubwa, na uyaweke kabla ya maneno kama tendo linatangulia maneno. Mwigizaji anayekariri kutoka juu kwenda chini hukutana na "(akiwa amesimama)" baada ya kuwa ameshasema mstari mzima akiwa amekaa.

Kujaribu kama maelekezo yamekaa sawa, wape waigizaji muswada na uwaambie wacheze bila kusema neno, kwa kufuata mabano tu. Mtu aliye pembeni, asiyejua igizo, akuambie alichokiona. Kwa *Ufunguo* anatakiwa aweze kusema walau hivi: binti amemkasirikia kaka, mzee anaficha jambo, kuna ufunguo unaotakiwa na wote, na mama ndiye aliyeuchukua mwishoni. Akikuambia "nimeona watu wanatembeatembea", rudi kwenye kisababishi cha kwanza.

Dalili ya tatu: hadhira haijui nani ni nani

Mara nyingi ni kwa sababu majina hayatamkwi. Kwenye karatasi kila mstari una jina, lakini uwanjani hakuna anayeyaona. Namna tunavyoitana inakutatulia hili bila kazi: "Baba Juma", "kaka", "mwanangu", "mama" vinatosha kuupanga ukoo mzima ndani ya dakika mbili. Hakikisha kila mhusika ameitwa ndani ya mistari yake mitano ya kwanza.

Sababu ya pili ni wahusika kuhadithiana wanayoyajua wote: "Kama ujuavyo, kaka, marehemu babu yetu alikuwa na wake wawili…" Hakuna anayezungumza na nduguye hivyo. Habari ya nyuma itoe kama silaha. Juma akisema, "Ulipokuwa unasoma Muheza, ada nilitoa mimi kwa kubeba mizigo sokoni," amehadithia, lakini pia amemchoma dada yake, na hadhira imeelewa kwa nini anaona ana haki ya fedha ile. Kama habari haiwezi kumuumiza wala kumbembeleza mtu aliyepo jukwaani, kuna uwezekano mkubwa kwamba igizo halihitaji.

Dalili ya nne: watu wanacheka pale pa kulia

Usikimbilie kulaumu hadhira. Kicheko cha mahali pasipo pake mara nyingi kinatokana na kipigo cha uongo. Kofi linalopita hewani hatua moja kutoka shavuni, na mwigizaji anayeanguka kabla halijafika, ni kichekesho kokote duniani. Suluhisho la kwanza ni kuliondoa. Mkono unaoinuliwa ukazuiwa una nguvu kuliko kofi lenyewe:

> *(JUMA anainua mkono. MAMA, aliyekaa kigodani, anaangusha ungo. Mchele unamwagika. JUMA anaubakiza mkono juu.)*
>
> MAMA: Shusha. Uje uokote.
>
> *(JUMA anashusha mkono, anachuchumaa, anaanza kuokota.)*

Hapo hakuna aliyeguswa, na nimeona sehemu za aina hii zikinyamazisha uwanja mzima. Kama unatumia mchele, tandika kitambaa chini ya kigoda ili uweze kuutumia tena.

Sababu nyingine ni kilio kinachoanza ghafla na kudumu. Kilio cha jukwaani kikipita muda mfupi tu, watu wanaanza kumwangalia mwigizaji badala ya mhusika. Andika mtu anayejizuia kulia: anamenya kitunguu kile kile ambacho kimeshamenywa. Halafu, kwa nadra, kicheko kinatokana na aibu. Mambo ya chumbani yanapotajwa mbele ya wakwe na watoto, watu hucheka ili wapumue. Hicho si kosa, mradi umeacha mstari mmoja usio na uzito baada yake, ili kicheko kisimeze neno muhimu.

*Simama hapa na umwite mwenye ujuzi:* kama igizo lako lazima liwe na kusukumana, kukabana, kuburutwa, kuanguka, kisu, panga, kuni zenye moto au maji ya moto, usiwaachie waigizaji wajifunze wenyewe. Tafuta mwelekezi aliyefundishwa mapigano ya jukwaani. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa, na idara za sanaa za vyuo vikuu ndipo pa kuanzia kuulizia. Mpaka apatikane, badilisha tendo. Panga la kweli na makaa ya kweli visiingie kabisa, hata kama mwelekezi yupo.

*Simama pia* ikiwa ugomvi wako unagusa kupigwa kwa mke, kubakwa au mateso ya mtoto. Uwanjani atakuwepo mtu ambaye jambo hilo linamtokea sasa. Mwone afisa ustawi wa jamii wa kata au halmashauri kabla ya onyesho, msomee muswada, na mkubaliane nani atakuwepo siku hiyo. Kwa Tanzania hakikisha watu wanatajiwa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na namba 116 ya kusaidia watoto.

Dalili ya tano: igizo linaisha kwa hotuba

Dakika tano za mwisho anaingia mwenyekiti wa mtaa, au sheikh, au shangazi kutoka Dar es Salaam ambaye hatukuwahi kumsikia. Anawakalisha wote chini, anaeleza nani amekosea, wote wanakubali na kukumbatiana. Hadhira inapiga makofi kwa heshima na inasahau kabla haijafika nyumbani.

Kisababishi kikubwa ni mwandishi kuogopa kwamba watu hawataelewa. Soma igizo kwa sauti hadi mstari wa mwisho kabla ya huyo mgeni, ufunge karatasi, uwaulize wasikilizaji watatu: nani ana kosa? Wakianza kubishana, igizo lako limekwisha hapo na mgeni hahitajiki. Wakinyamaza, kosa liko katikati, si mwishoni. Pengine hakuna aliyelazimika kuchagua.

Kisababishi cha pili ni mhusika mmoja kuwa mwovu mtupu. Baba akiwa mlafi tu, hakuna la kujadili isipokuwa kumhukumu. Mpe sababu yenye uzito: Juma amekaa miaka miwili bila kazi, na mzee anaona pikipiki italisha nyumba nzima, pamoja na Mwanahawa siku ndoa ikimshinda. Sasa mtu wa mstari wa tatu anaweza kumtetea, na jirani yake akampinga.

Kisababishi kingine ni mfadhili au ofisi iliyotaka ujumbe utamkwe waziwazi. Jadiliana nao kabla hujaandika. Pendekeza ujumbe usemwe na mwezeshaji baada ya igizo, katika mazungumzo na hadhira, na si mdomoni mwa mhusika.

Kwa *Ufunguo*, mwisho ninaoupendekeza ni huu. Kila kitu kimeshafichuka. Juma ameutupa ufunguo kwenye mkeka akisema, "Haya, uzeni basi." Kuuza hakuwezekani kwa dakika kumi zilizobaki.

> SAUTI YA MSHENGA: *(Kutoka upande wa barabara.)* Hodi!
>
> *(Wote wanageuka huko. Hakuna anayejibu.)*
>
> BABA: *(Kwa MAMA.)* Tuwaambie zipo. Baada ya ndoa nitazirudisha.
>
> SAUTI YA MSHENGA: Hodi wenyewe!
>
> *(MAMA anaokota ufunguo. Anauweka juu ya sinia, katikati ya vikombe. Anamsogezea MWANAHAWA sinia.)*
>
> MAMA: Mahari ni yako. Wewe ndiye utakayejibu ikiulizwa.
>
> SAUTI YA MSHENGA: Hodi, jamani!
>
> *(MWANAHAWA anabeba sinia, anaelekea upande wa barabara. Anasimama hatua moja kabla ya mlango.)*
>
> MWANAHAWA: Karibuni.
>
> *(Wote wanaganda. Ngoma mara moja.)*

Hodi tatu zinahesabika, na kila mmoja uwanjani anajua kwamba baada ya ya tatu mgeni ana haki ya kuondoka. Saa iliyowekwa ukurasa wa kwanza imefika. Kama kikundi chako kinatumia mbinu ya Mbrazili Augusto Boal, ambapo mtazamaji anaruhusiwa kuingia jukwaani na kushika nafasi ya mhusika, basi rudieni kuanzia hodi ya kwanza na mumwachie mtu wa hadhira awe Mama au Baba. Hilo linawezekana tu kama mwandishi ameacha mahali pa kuchagua. Hotuba ya mwenyekiti haimwachii mtu pa kuingilia.

Angalizo la urefu, kwa kuwa hotuba na urefu huenda pamoja: soma muswada wote kwa sauti, pamoja na matendo, huku simu ikihesabu muda. Kisha ongeza kama robo yake kwa vicheko, makofi na upepo. Ikizidi dakika 40, kata mwanzoni kabla ya kukata mwishoni. Kurasa mbili za kwanza ndizo mara nyingi mwandishi alikuwa bado anatafuta igizo.

*Simama na uulize mjuzi* kabla mhusika wako hajatamka sheria. Kwenye *Ufunguo* Mama anasema mahari ni ya binti. Kwa Waislamu ndivyo ilivyo, ni haki ya bibi harusi mwenyewe. Lakini ukilihamishia igizo hilohilo kwa jamii ambayo mahari hupokewa na wazazi au ukoo, sentensi hiyo inageuka kuwa uongo na ugomvi wote unabadilika. Kwa mirathi, talaka au ardhi, mpe msaidizi wa kisheria asome mistari inayohusika. Watu hutoka kwenye onyesho wakaenda kufanyia kazi walichokisikia.

Dalili ya sita: mtu ameuliza, "Hii si familia ya fulani?"

Ikitokea kwenye mazoezi, simamisha mazoezi. Kubadilisha jina hakutoshi, kwa sababu mtaani watu wanamtambua mtu kwa idadi ya watoto, kazi, rangi ya nyumba na maneno aliyoyasema siku ile. Badilisha mambo matatu kwa pamoja: kinachogombaniwa, uhusiano wa wanaogombana, na kilichomaliza ugomvi. Kama kisa halisi kilikuwa cha ndugu wawili na kiwanja, kifanye cha mama na binti na ng'ombe. Hasira itabaki ileile, nayo ndiyo uliyoihitaji.

Ukishabadilisha na bado anatambulika, igizo lisichezwe mtaa huo. Na kama jambo lenyewe liko mahakamani au kwenye kikao cha ukoo ambacho hakijaamua, liache kabisa mpaka limalizike, kisha mwone mwanasheria au msaidizi wa kisheria. Katika Tanzania, maonyesho ya michezo ya kuigiza yanaguswa na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976. Kwa hiyo peleka muswada kwa afisa utamaduni wa halmashauri mapema, uulize kibali gani kinahitajika kwa onyesho lenu, na umjulishe mwenyekiti wa mtaa siku na mahali.